SOMO: Hita ya maji ya jua isiyo na pampu, na kwa nini bomba la kurudi ndilo linaloiua

Kila Juni baridi ikishuka, swali ni lile lile: "Fundi kafunga paneli, siku mbili maji yalichemka, ya tatu yamepoa. Ninunue pampu?" Naandika mara moja, wengine nitawaelekeza hapa.

Kwanza elewa kinachoyasukuma maji. Lita moja ya maji ya nyuzi 30 ina gramu kama 996. Yakifika nyuzi 50, lita hiyo hiyo ina gramu 988. Maji ya moto kwenye paneli ni mepesi, yale ya baridi yanayoteremka kutoka chini ya tenki ni mazito, basi mazito yanashuka na kuyainua mepesi. Hakuna kingine. Sasa angalia nguvu yenyewe ilivyo ndogo: katikati ya tenki ikiwa mita moja juu ya katikati ya paneli, tofauti ya gramu 8 inatoa msukumo sawa na kimo cha maji cha milimita 8. Unene wa penseli. Mzunguko wote unategemea huo unene wa penseli, kwa hiyo kitu ambacho pampu isingekihisi, hapa kinasimamisha kazi.

Mfano wetu ni tenki la lita 150 na paneli ya mita 2 za mraba, nyumba ya Uyole.

1. Paneli itazame kaskazini. Mbeya tuko karibu nyuzi 9 kusini mwa Ikweta, na miezi ya baridi jua liko kaskazini. Mwinamo nyuzi 20.

2. Chini ya tenki pawe juu ya ncha ya juu ya paneli kwa sentimita 30 hadi 40. Tenki likijaa lina kilo 150 za maji peke yake, kwa hiyo stendi ikae juu ya ukuta, si juu ya kenchi za paa.

3. Baridi iingie kona ya chini ya paneli, moto utoke kona ya juu ya upande wa pili. Kona ya kutokea iinuliwe sentimita 2 kuliko kona nyingine ya juu.

4. Bomba la inchi moja kwenda na kurudi. Usitumie nusu inchi.

5. Bomba la kurudi, yaani lile la moto kutoka paneli kwenda tenki. Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika, soma polepole. Bomba hili lipande mwanzo hadi mwisho bila kushuka hata kidogo. Kila mita moja ya urefu lipande sentimita 3 au zaidi. Fundi akilirusha juu ya boriti kisha akalishusha kuingia tenki, pale juu hewa itakaa. Na hewa haiji siku ya kujaza tu: maji mapya yana hewa iliyoyeyuka ndani yake, yakipata moto huiachia vipovu vidogo vidogo. Ndiyo maana ukiitoa hewa Jumatatu, hita inafanya kazi, na Jumatano imekufa tena. Milimita 8 haziwezi kusukuma maji kupita kwenye povu lililojaza bomba.

Tahadhari: bomba la PPR likipata moto hurefuka na kulegea. Asubuhi pimamaji linasema sawa, saa saba mchana limefanya tumbo kati ya klipu mbili, na palipo na tumbo, klipu ya nyuma yake imegeuka kilima. Weka klipu kila sentimita 50, kisha pima tena likiwa na moto. Kona za digrii 90 punguza. Tumia mbili za 45.

6. Bomba la moto liingie tenki kwenye theluthi mbili ya kimo, daima chini ya usawa wa maji. Maji ya mgao yakikatika na usawa ukashuka chini ya tundu hilo, mnyororo umekatika na paneli inachemka peke yake. Kwa hiyo bomba la kwenda bafuni litolewe juu ya tundu hilo, ili mtu asiweze kulimaliza tenki kwa kuoga.

7. Bomba la kupumulia juu ya tenki, wazi, lisifungwe kamwe.

8. Jaza ukiwa umeifunika paneli kwa turubai, maji yaingie kutoka chini ili yaifukuze hewa juu.

9. Kagua saa nne asubuhi siku ya jua. Shika bomba la kurudi karibu na tenki: liwe la moto. Shika la chini: liwe la baridi. Kama ncha ya paneli inaunguza na inanguruma lakini bomba karibu na tenki ni la baridi, kuna hewa. Rudi hatua ya 5.

Siku ya jua zuri, lita 150 zilizoanza nyuzi 18 hufika 40 na kitu. Zinatosha kuoga familia bila kuwasha umeme.

MASWALI

Mkazi wa Forest: Mkuu, pampu ya ukubwa gani inafaa?
— Hakuna pampu. Soma aya ya pili.

Mkazi wa Forest: Ila tenki langu liko chini, paneli iko juu ya paa.
— Hapo maji ya moto yako juu tayari, hayana pa kupanda. Pandisha tenki au shusha paneli ardhini. Ya pili ni rahisi zaidi.

Mama wa Ilula: Shikamoo fundi. Kwangu jioni maji ni ya moto, alfajiri yamepoa kabisa, na tenki limefunikwa vizuri. Bomba la chini nikiligusa saa tatu usiku lina joto.
— Marahaba, na ahsante kwa kuligusa, umejibu nusu ya swali. Ncha ya paneli yako iko juu ya chini ya tenki, sivyo? Usiku paneli inatazama anga wazi na kupoa. Maji yake yanakuwa mazito, yanashuka ndani ya paneli na kusukumwa kupitia bomba la chini hadi tenki, na kuvuta ya moto yateremke paneli kupitia bomba la juu. Hita inakwenda kinyume. Inua tenki hadi chini yake pawe sentimita 30 juu ya ncha ya paneli, na itaacha.

Mama wa Ilula: Je, nikiweka valvu ya kuzuia kurudi?
— Yenye springi haifunguki kwa milimita 8, utaua na mchana. Inua tenki.

Kijana wa Makete: Huku Julai kuna barafu kwenye majani asubuhi. Mabomba ya paneli hayatapasuka?
— Yatapasuka, hata hewa ikiwa nyuzi 3, kwa sababu paneli hupoa kuliko hewa. Weka koki ya kumwagia mahali pa chini kabisa, na koki ya tundu pana kwenye kila bomba. Jioni funga zote mbili, mwaga maji ya paneli, acha ya kumwagia wazi. Asubuhi kabla ya jua funga ya kumwagia, kisha fungua zile mbili. Ukisahau na paneli ikapata jua imefungwa na ina maji, itapasuka kwa mvuke. Dawa ya kuzuia kuganda ya magari usiiweke kwenye maji ya kuoga, ni sumu.

Fundi wa Chimala: Nyongeza: kuzungushia tenki, pumba za mpunga za Mbarali zinafaa. Sanduku la mbao, pumba unene wa sentimita 10.
— Kweli, ila zifunge kwenye nailoni. Zikilowa hazizuii joto tena, na panya wanapenda hapo. Juu ya mfuniko ongeza unene, joto hukimbilia huko.