Somo: hewa nje ya pafu na maji nje ya pafu, utavijuaje kwenye picha ya kifua

Assalaam alaykum wenzangu. Vijana walioko mafunzoni wananiuliza sana kuhusu picha mbili hizi, ya pafu lililonywea kwa hewa na ya maji yaliyojaa pembeni mwa pafu, na wengi wanakwama pale vyote viwili vikiwepo pamoja, basi leo nakaa hapo hapo.

Hatua ya 1. Kabla hujalitazama pafu jua mgonjwa alikuwa kasimama au kalala, mana hewa inapanda na maji yanashuka. Kama filamu haikuandikwa, tazama chini ya diaframu ya kushoto, pale penye tumbo la chakula, ukiona hewa nyeusi imekaa juu ya mstari ulionyooka basi alikuwa wima.

Hatua ya 2. Mgonjwa akiwa wima anzia juu kabisa, karibu na mtulinga. Hewa ni nyeusi lakini na pafu nalo lina weusi wake, kwa hivyo weusi peke yake haukwambii kitu. Unachotafuta ni mstari mweupe mwembamba unaokwenda sambamba na ukuta wa kifua, huo ndio ukingo wa pafu lenyewe. Ndani ya mstari utaona vijishipa vya damu vinatawanyika, nje yake hamna hata kimoja. Ikuze picha, punguza mwanga wa chumba, usiwe na haraka hapa, mana hewa ikiwa kidogo inajificha nyuma ya mbavu za juu.

Hatua ya 3. Shuka kwenye kona ya pembeni, pale diaframu inapokutana na mbavu. Kona nzima ni kali, imechongoka. Maji yakifika kama mililita 200 hivi kona inajaa weupe na inakuwa butu, yakizidi weupe unapanda juu.

Hatua ya 4. Sasa tazama mpaka wa juu wa huo weupe, na hapa ndio penye somo. Maji yakiwa peke yake mpaka unapinda, upande wa mbavuni uko juu na kwa ndani unateremka, kwa sababu pafu bado limebana na maji yanalizunguka pande zote. Hewa ikiingia pafu linarudi nyuma, maji yanapata nafasi ya kulala, na mpaka unanyooka dindi mfano wa maji kwenye chupa iliyojaa nusu.

Chukulia mchumaji karafuu kaanguka mkarafuuni, kifua cha kulia kinamuuma, anapumua kwa shida, kapigwa picha kasimama. Kona ya kulia imepotea, chini kote kweupe, na anaesoma mbio mbio atasema maji tu basi. Lakini ule mpaka umenyooka kutoka mbavuni mpaka katikati ya kifua, haujapinda popote! Hapo rudi juu ukatafute mstari, na kweli ukingo wa pafu unauona umeachana na mbavu na nje yake hamna kijishipa. Kwahiyo ana hewa na ana maji, na kwa mtu alieanguka akaumia kifua maji hayo yahesabu kuwa ni damu mpaka ithibitike vyengine. Angechomwa sindano ya kutoa maji kidogo akarudishwa wodini, hewa ingebaki ndani. Huyu anahitaji bomba la kifua.

Maswali ya wanachama

*Nesi wa Wete:* Mwalimu, na akiwa hawezi kusimama, kapigwa picha kalala chali?

Hapo mpaka ulionyooka hutouona. Maji yanajitandaza mgongoni, upande mzima unakuwa na ukungu mweupe lakini vijishipa bado unaviona ndani yake. Hewa nayo inakuja mbele na chini, basi kona ya pembeni inakuwa nyeusi na imezama chini kuliko ya upande wa pili. Kama altrasaundi ipo itumie, mana picha ya kulala inaficha mengi.

*Kijana wa Mkoani:* Nliona mstari kabisa, dokta akasema ni ngozi tu. Vipi tena?

Ngozi ya mgongo ikijikunja kwenye kaseti inaleta ukingo, upande mmoja mweupe mwengine mweusi, sio mstari mwembamba. Ufuate, mara nyingi unapita mpaka nje ya kifua, na vijishipa unavikuta pande zote mbili.

*Bi Mwanakwerekwe:* Na moyo ukisukumwa upande wa pili?

Bibie, maji mengi yanausukuma, na hewa iliyobana inausukuma. Lakini mgonjwa akiwa anatweta, presha inashuka na upande mmoja hausikiki pumzi, usimpeleke eksrei kwanza. Huyo hewa inatolewa pale pale kitandani, picha baadae.