Kabla hujaimwagilia faikasi yenye madoa ya kahawia

Faikasi yako, ile ya majani mapana yenye umbo la fidla, imeanza madoa? Weka jagi chini kwanza. Chukua kalamu, zungushia ukingo wa doa moja, kisha ngoja wiki.

Doa lisilovuka wino, kavu kama karatasi, lililoanza kama baka lililopauka na liko upande unaotazama dirisha tu, ni la jua. Isogeze mbali na dirisha la magharibi au weka pazia jepesi. Baka halitarudi kuwa kijani, lakini halitaenea.

Likivuka wino, shika udongo kabla ya kushika maji. Hapa ndipo nilipopotea. Mti wangu nilikuwa nimeuweka ndani ya chungu cha pambo kisicho na tundu. Ilikuwa kiangazi, upepo wa Dodoma unakausha kila kitu, na udongo wa juu ulikuwa mkavu kweli. Majani ya chini yakatoka madoa ya kahawia iliyokolea, karibu nyeusi, kisha yakalegea. Nikasema ni kiu, nikaongeza kikombe kila asubuhi. Yakaanza kudondoka. Mama mmoja anayeuza miche mtaani kwetu akaniambia, "Mwanangu, uchomoe tuone mizizi." Chini kulikuwa na maji yamesimama na harufu ya uozo. Mizizi ilikuwa myeusi, ukiivuta ganda linabaki mkononi. Mizizi iliyooza hainywi, kwa hiyo jani linalegea kama lenye kiu huku limesimama majini.

Tulikata vyote vilivyolainika, tukabakiza mizizi migumu yenye rangi hafifu, tukaupanda kwenye chungu kidogo zaidi chenye matundu, udongo uliochanganywa na mchanga mnene. Tangu hapo nachomeka kidole. Nikikuta unyevu kabla ya kifundo cha pili, simwagilii, hata iwe mwezi wa kumi. Ulikaa wiki nyingi bila kuchipua, nami nikajizuia kuutilia mbolea, maana mizizi yenye vidonda huungua.

Sasa, mizizi ikiwa mizima na madoa bado yanaenea, shuku bakteria. Hayo huwa madogo mengi, yametapakaa ovyo hadi kwenye majani machanga ya juu, na mara nyingi yana mviringo wa njano. Usiyamwagie wala kuyanyunyizia maji, kwa sababu matone ndiyo yanayobeba ugonjwa kutoka jani hadi jani. Tenga mti, kata majani yaliyoathirika, futa mkasi kwa spiriti kila baada ya jani moja. Dawa nyingi za ukungu haziui bakteria, usipoteze pesa. Na mara chache shida mbili huja pamoja, kwa hiyo angalia mizizi hata ukiona njano.

Vaa glavu unapokata, utomvu wake mweupe unawasha. Majani yaliyougua usiyatupe kwenye mboji. Watoto wasiyatafune. Na ukinunua mwingine, pindua chungu uone tundu kabla hujalipa.