Jinsi ya kumuuzia machinga belo la mitumba bila kugombana naye wiki ijayo

Mwongozo huu ni wa anayeuza belo zima, lililofungwa, kwa wauzaji wadogo: mama wa meza pale Mlango Mmoja jijini Mwanza, kijana anayezunguka na nguo begani Makoroboi, dada anayevuka ziwa na mzigo kwenda Nansio, Ukerewe. Nimeuandika baada ya kukaa na kijana mmoja wa Igoma ambaye wateja wake walikuwa wanarudi kila Jumatatu na malalamiko yaleyale. Mzigo wake haukuwa mbaya. Alikuwa anauza kwa neno moja tu, "gredi A", na kila mteja analisikia neno hilo kwa namna yake.

Nitatumia belo la tisheti za kike, kilo 45, kama mfano mwanzo hadi mwisho. Ukishalielewa hilo, jinzi na magauni hayatakusumbua.

Hatua ya 1: Panga stoo kwa shehena

Mabelo yaliyokuja pamoja, lebo moja, namba moja ya mzigo, yakae pamoja. Usichanganye tisheti za Korea na za Uingereza kwa sababu tu zote ni tisheti. Weka mbao chini, lisiguse sakafu. Basi.

Hatua ya 2: Pima, kisha kagua kifungo

Lebo ikisema 45, pima mwenyewe, na ujue kwamba sandarusi na mikanda nayo ina uzito wake. Mimi napenda mizani ya kuning'iniza ya digitali, yenye stika ya Wakala wa Vipimo, kwa sababu mteja anaisoma mwenyewe akiwa amesimama. Kwenye mizani ya jukwaa belo linaegemea ukuta kidogo na kilo mbili zinapotea au kuongezeka. Belo likizidi lebo kwa kilo kadhaa usifurahi: mara nyingi limenyeshewa njiani. Sukuma pua kwenye kona ya chini. Harufu ya ukungu haijifichi.

Kifungo ndicho kinachosema kama belo lilishafunguliwa. Belo la kiwandani lina ugumu wa tofali, ukilipiga ngumi mkono unauma. Lililofunguliwa mjini, likatolewa nguo nzuri na kufungwa upya, huwa laini pembeni, uzi wa kushonea sandarusi unakuwa wa rangi mbili, na alama za mikanda ya zamani zinaonekana kando ya mikanda mipya. Ukiliona la namna hiyo usiliuze kama belo. Lifungue, uza kwa pisi.

Hatua ya 3: Fungua belo moja la mfano (hapa ndipo kazi ilipo)

Kabla hujauza hata moja katika shehena, fungua moja ulihesabu lote. Wengi wanaruka hatua hii kwa kuogopa hasara, lakini hakuna hasara, kwa sababu nguo hizo utaziuza rejareja palepale. Shehena ikiwa kubwa fungua mawili, moja la juu ya rundo na moja la chini.

Lifungulie nje, juu ya turubai, asubuhi. Usifanye kazi hii chini ya taa ya stoo. Ile rangi ya njano ya kwapani haionekani kwenye taa, inaonekana juani, na mteja wako anauzia juani. Mikanda ikate kwa mkasi wa bati, ukisimama pembeni, maana inaruka na inaweza kukutoboa jicho. Panga nalikataza kabisa: linachana nguo za juu, kisha unaanza kubishana kama zilikuja zimechanika.

Sasa waite wateja wako wawili wa kila siku wakuchambulie. Wewe usichambue. Jicho la mwenye mzigo lina huruma, kila nguo linaiona ni ya kati. Kabla hamjaanza, kubalianeni maana ya kila fungu, kwa sauti, ili msibadilishe katikati:

Fungu la juu ni nguo isiyo na doa, rangi haijapauka, kola haijalegea, na saizi yake inavaliwa na wateja wenu. Fungu la kati ni nguo safi ambayo imevaliwa ikaonekana, imeota vinundu kidogo au mtindo wake umepita. Fungu la chini lina doa dogo, tundu la kupitisha njiti ya kiberiti, au imepauka begani. Fungu la mwisho ni la kutupa, labda kufutia meza.

Kagua kila tisheti sehemu tatu tu: kwapa, kola ndani, na tumboni pale mkanda wa suruali unaposugua, ambako matundu madogo hupenda kukaa. Ukianza kugeuza kila mshono utamaliza usiku.

Hapa kuna jambo ambalo kijana wa Igoma lilimchukua muda kulikubali. Gredi inapimwa kule nje nguo zinakochambuliwa, na inapima hali ya nguo. Haipimi kama nguo hiyo itauzika Mwanza. Tisheti kubwa ya kumtosha mtu wa saizi ya mlango, safi, haina doa, ni gredi A halali kabisa. Ila kwa mama wa Mlango Mmoja itakaa kwenye kamba hadi ipauke. Kwa hiyo saizi kubwa mno ziteremshe fungu moja, hata kama ni mpya mpya. Mizigo ya Uingereza huwa na nyingi za namna hii, ya Korea huwa na miili midogo, na ndiyo maana wateja wengine wanataja nchi kabla ya kutaja gredi. Wana haki.

Tena hakuna mamlaka moja inayosema gredi A ni nini. Kila nyumba ya kuchambua ina A yake. A ya mzigo huu inaweza kuwa B ya mzigo uliopita, wakati lebo zote zimeandikwa herufi ileile. Na neno "krimu", yaani gredi ya juu kabisa, usilitamke kama hujafungua. Ukilitamka, mteja anategemea kila nguo ya ndani iwe ya kuvaa harusini.

Mkimaliza, hesabuni. Tisheti nyingi za kike zina uzito wa gramu 150 hadi 200, kwa hiyo kilo 45 zitakupa kama pisi 225 hadi 300. Tuseme mmepata 250, hivi: juu 40, kati 110, chini 75, za kutupa 25.

Zipigieni bei ya mteja, siyo yako. Tuseme juu zinauzwa 5,000, kati 2,500, chini 1,000. Hiyo ni 200,000, 275,000 na 75,000, jumla 550,000. Kama belo unaliuza 380,000, kwenye karatasi faida ni 170,000. Karatasi lakini haikai juani. Nusu ya fungu la kati wataishia kuliuza 1,500, na kama pisi 35 za chini zitakwenda kwa mia tano. Toa 55,000 na 17,500, zinabaki 477,500. Faida halisi ni 97,500 kabla ya nauli, ushuru na chakula. Ikiwa hesabu hii inamwachia mteja chini ya hapo sana, punguza bei ya belo sasa, usisubiri alalamike.

Kuna hesabu moja zaidi, na kwangu ndiyo kubwa kuliko zote: mtaji unarudi wapi? Akiuza zote 40 za juu ana 200,000. Zilizobaki 180,000 zinahitaji pisi 72 za kati kwa 2,500. Kwa hiyo mtaji unarudi kwenye pisi ya 112, kama hajaanza kushusha bei. Mwambie hivyohivyo: "Mama, ukifika pisi ya mia na kumi na mbili bila kushusha bei, pesa yako imerudi, zinazobaki ni zako, hata ukizishusha bei." Mteja aliyeambiwa hivi hagawi nguo za juu kwa bei ya kutupa siku ya kwanza.

Tahadhari: belo la mfano linakuonyesha shehena, halikuapii. La pili linaweza kuwa na 235 au 265, na fungu la juu likawa 30 au 50. Ndiyo maana usimpe mteja namba moja. Mpe kima cha chini na cha juu.

Ukikuta nguo za ndani zimejichomeka humo, zitoe uzitupe. TBS hawaruhusu nguo za ndani za mtumba, na katazo hilo halijali kwamba hukuziona.

Hatua ya 4: Andika maelezo ya belo

Maka peni nyeusi, karatasi ngumu, ibandike kwenye rundo. Picha yake ndiyo itume WhatsApp. Mfano:

"Tisheti za kike, mikono mifupi. Kilo 45. Korea. Gredi A ya mzigo huu. Pisi 235 hadi 265. Za juu 30 hadi 50. Saizi ndogo na za kati ndizo nyingi. Za kutupa hazizidi 30. Belo la mfano lipo, njoo uone."

Huo mstari wa za kutupa wengi hawataki kuuandika. Uandike. Mteja akikuta 25 na ulimwambia 30, kesho anarudi na shoga yake.

Hatua ya 5: Masharti ya kurudisha

Belo likifunguliwa halirudi kwa sababu ya "nguo mbaya". Linarudi kwa mambo mawili: aina siyo iliyoandikwa, kama kuagiza tisheti ukakuta masweta, au za kutupa zimezidi sana ulichoandika. Mwambie arekodi video bila kukata, kuanzia lebo, mikanda ikiwa mizima, mpaka nguo ya mwisho. Picha za nguo mbovu zilizopangwa vizuri mimi sizipokei, maana kila mtu nyumbani ana tisheti iliyotoboka.

Hatua ya 6: Wateja wa visiwani

Kwa wa Ukerewe, Ukara na kwenye mialo ya wavuvi, tisheti ni biashara ya pili. Waulize kwanza kama wanataka belo la majaketi. Mvuvi wa dagaa anakesha ziwani na baridi ile haijui msimu. Jaketi zito ni kama gramu 800 hadi kilo na zaidi, kwa hiyo kilo 45 ni pisi 40 hadi 55 tu, na mteja aliyezoea tisheti atadhani umemwibia usipomweleza mapema. Kwenye majaketi kagua zipu kabla ya kitu kingine. Zipu ikifa, jaketi la juu linaangukia fungu la chini.

Belo lifungwe turubai la pili kabla ya kupanda boti. Na kama unakopesha, usipange marejesho kwa tarehe. Dagaa huvuliwa kwa taa wakati wa giza, mbalamwezi ikipanda wavuvi wanatulia na pesa inakauka mwaloni. Panga siku ya kulipwa iangukie mwisho wa giza, mteja akiwa ameshauza na kabla hajaanza kula mtaji.