Ujumbe wa mwisho kwa aliyeacha kujibu

Mmechati vizuri, mkaonana hata mara mbili, halafu kimya. Tiki za buluu zipo, jibu hakuna. Ukitaka kuandika mara ya mwisho, ngoja kama wiki mbili zipite, kisha tuma kitu cha aina hii, mchana, kwa maandishi:

"Habari za siku. Leo nimepita Wandegeya nikakumbuka ulivyobishana na yule muuza roleksi juu ya vitunguu, nikacheka peke yangu. Nilifurahia kukufahamu. Siku ukijisikia kunywa chai, namba yangu ni hii hii. Uwe na wiki njema."

Angalia: hamna swali hata moja. Swali humdai mtu jibu, na anayedaiwa hujificha zaidi. "Mbona kimya?" ni lawama, na hata "najua uko bize" ni lawama iliyofunikwa, kwa hiyo iache. Kumbukumbu ya roleksi, ile chapati ya kuviringishwa na mayai, ndiyo inayobeba ujumbe wote, maana inaonyesha unamwandikia yeye tu. Chagua tukio dogo la kuchekesha, usichague siku mliyoambiana mambo mazito.

Ukishatuma, usiufute. Alama ya ujumbe uliofutwa itabaki pale, nayo inasema mengi kuliko ulichoandika. Usifuatishe ujumbe wa sauti wala kumpigia. Akijibu baada ya miezi miwili, endelea na chai, usimuulize alikuwa wapi.

Kama alishakwambia wazi hataki, au amekubloku, huu si wako. Usimtafute kwa namba nyingine.