Mgeni akisahau kitu chumbani

Ukimwandikia mgeni aliyesahau kitu hotelini, usimalize maelezo yote. Andika hivi: “Tumekuta saa ya mkononi katika chumba ulicholala. Tafadhali tueleze rangi ya mkanda na alama yoyote iliyopo nyuma.” Jina lililochongwa nyuma ya saa usilitaje, maana ndilo litakalomthibitisha mwenyewe.

Akijibu sawasawa, muombe anwani kamili na namba ya simu, mkubaliane nani atalipia usafirishaji, ndipo ufunge kifurushi. Kipige picha kikiwa bado wazi, kisha mtumie namba ya kufuatilia mzigo.

Kama ni pawabenki, mwambie mapema: betri yake ya lithiamu inaweza kushika moto, hivyo kifurushi kinaweza kuzuiwa kusafirishwa kwa ndege.