Unaenda kuonyesha sistimu ya EFRIS kwa mteja? Panga kwanza nani aje na aone nini

Tuseme una demo na mwenye hadwea pale Arua. Kabla hujakata tiketi ya basi la usiku, kaa chini uandike vitu viwili: nani atakuwepo na nini kitaonyeshwa. Halafu hakikisha kila utakachoonyesha kina mtu wake pale mezani. Mimi nauza sistimu za dukani zinazotuma risiti URA, mamlaka ya kodi ya Uganda, kupitia EFRIS, mfumo wao wa risiti za kielektroniki, na demo zangu nyingi zilizokufa hazikufa kwa ubovu wa sistimu, zilikufa kwa sababu waliokaa mbele yangu hawakuwa wale watakaoibonyeza kila siku.

Hajji mwenye duka ukimpigia atakwambia njoo tu, mimi nipo. Sawa, lakini muulize risiti anakata nani, mzigo anapokea nani, na ritani ya VAT anapeleka nani kila mwezi. Utakuta kuna kashia, kuna kijana wa stoo, na kuna mhasibu wa nje anayepita siku mojamoja. Huyo mhasibu ndiye wa kuogopa, maana akikosa demo, siku akija ataambiwa habari nusunusu, atasema "Hajji, hii kitu itatuletea shida na URA", na hapo wewe uko kwenye basi umeshapita Karuma, huna wa kukutetea. Bora ubadilishe siku kuliko kwenda yeye hayupo.

Upande wenu watu wawili wanatosha, wa mauzo wa kuongea na fundi wa kubonyeza. Mtu mmoja akifanya yote mawili anaangalia skrini tu, haoni kashia amekunja uso. Bosi wenu aje kama siku hiyohiyo mnajadili bei, la sivyo abaki Kampala, maana bosi akija, Hajji ataanza kuomba punguzo kabla hajaona chochote.

Mkishaelewana kwa simu, mtumie wasap, fupi, kitu kama hiki:

"Asalaam aleikum Hajji. Tunakuja Jumatano saa nne asubuhi dukani kwako, itachukua kama saa moja na nusu. Sisi tutakuwa wawili, mimi na fundi wa sistimu. Kwako tunaomba uwepo wewe, kashia, kijana wa stoo na mhasibu, naomba unitumie majina yao. Tutaonyesha kuuza keshi, kuuza kwa mteja mwenye TIN, mteja akirudisha mzigo, na hesabu ya jioni. Bei tutaongea tukimaliza. Kama kuna asiyeweza Jumatano tuambie tubadilishe."

Majina yana maana. Kuna duka nililoomba "kashia" nikaletewa dada wa zamu ya asubuhi, kumbe anayekata risiti nyingi ni mwenzake wa jioni, na huyo hakuwahi kuiona sistimu mpaka tulipokuja kuifunga. Alilia kweli. Pia Ijumaa usipange kabisa kama mwenye duka anaswali msikitini, utakatwa katikati.

Sasa kitu cha kuonyesha, na hapa ndipo watu wanajichoma. Demo ifanyike kwenye EFRIS ya majaribio, usiguse ile ya kweli. Risiti ikishapata namba yake ya FDN kwenye EFRIS ya kweli hayo ni mauzo, VAT yake inahesabiwa na stoki ya mteja inashuka. Sisi iliwahi kututokea, fundi alikuwa na haraka akaingia kwenye akaunti ya kweli ya mteja, akauza mabati 20 "ya mfano", tukapeana mikono tukaondoka. Mhasibu wao akayakuta mwisho wa mwezi anatengeneza ritani, ambayo lazima iingie kufikia tarehe 15 ya mwezi unaofuata, na duka zima linatafuta mabati ambayo hayakutoka popote. Hatukuuza kitu pale. Kwa hiyo usiku kabla ya demo fundi afungue sistimu aangalie inaelekea wapi, kwenye majaribio au kwenye ya kweli, halafu asubuhi aangalie tena. Na uwaambie mapema kwamba QR ya risiti ya majaribio haitaonekana kwenye tovuti ya kweli ya URA, maana kuna kijana lazima atatoa simu aiskani halafu aseme risiti zenu ni feki.

Bidhaa chukua za duka lake mwenyewe. Mwombe kashia akupigie picha za kurasa mbili za daftari la mauzo, uchague bidhaa 10 hivi, uziingize kwenye majaribio na stoki yake kabisa, kwa sababu EFRIS haikubali uuze ambacho hakipo kwenye stoki, na hakuna aibu kama kubonyeza "uza" mbele ya Hajji ukapata meseji nyekundu kwamba mzigo hautoshi. Misumari iangalie sana. Inaingia kwa katoni inatoka kwa kilo, ukisahau kupanga hivyo vipimo kijana wa stoo atakukamata hapohapo.

Mfano wa mauzo uufanye kwa saruji maana kila mtu anaijua. Mifuko 10 kwa 35,400 ni 354,000. Bei hiyo ina VAT ya asilimia 18 ndani yake, kwa hiyo ukigawa kwa 1.18 unapata 300,000 ya mali na 54,000 ya kodi. Mwambie mhasibu apige kwenye kalkuleta yake kabla risiti haijatoka, kisha mpe karatasi alinganishe. Usichukue hiyo 35,400 halafu uongeze asilimia 18 juu yake, maana mfuko utafika 41,772 na Hajji atakuuliza nani atanunua.

Mzigo kurudishwa ndiyo sehemu ya kuipa muda. Kashia amezoea kukata mstari kwenye kitabu yakaisha, lakini hapa risiti ikishaenda haifutiki, unaomba kredit noti, unaandika sababu, na inasubiri kukubaliwa. Kwa hiyo fanya hivi: ile mifuko 10, miwili imepasuka, mteja anairudisha. Mwache kashia abonyeze mwenyewe, fundi akae nyuma mikono mfukoni. Atauliza "sasa mteja anangoja hapa mpaka lini?" na ni vizuri jibu mlijadili ofisini, kwamba pesa kumrudishia ni uamuzi wa Hajji na hiyo kredit noti inaendelea na safari yake.

Kuhusu netiwaki, kama sistimu yenu haina ofulaini, sema wazi kwamba bila intaneti FDN haitoki. Kama mnayo, ichomoe modemu mbele yao waone. Beba laini mbili, Airtel na MTN, na betri ya kuendesha printa, umeme ukikatika saa nne na nusu hutaki kukaa unasimulia.

Printa tumia ile atakayonunua. Mara moja tulibeba kubwa ya karatasi ya milimita 80, risiti safi kabisa, halafu mteja akanunua ndogo ya 58 kwa sababu ni rahisi, jina la bidhaa likakatika na QR ikabanwa mpaka simu haiisomi, akatuona matapeli. Siku hizi nabeba zote mbili na roli za ziada, nachapa risiti ileile mara mbili, namwachia kashia aseme anataka ipi.