Kabla ya kununua giaboksi: hesabu hizi zifanyike kwenye shafti ya mota

Tuchukue meza ya kuzungushia kazi ya kuchomelea: sahani ya kilo 40, nusu kipenyo mita 0.3. Inatakiwa ifike mizunguko 40 kwa dakika ndani ya nusu sekunde.

Inesha ya sahani ni nusu ya uzito mara mraba wa nusu kipenyo, yaani 1.8 kg·m². Ongeza na ya kifaa kitakachofungwa juu yake.

Msuguano usiukisie. Funga kamba ukingoni, vuta kwa mizani ya ndoano meza ikiwa haijaunganishwa na gia. Mizani ikisoma kilo 4 hivi, ni nyutoni 40 kwa mita 0.3: 12 N·m. Soma inapoanza kusogea, si ikiwa tayari inazunguka.

Kasi ndiyo inayoweka kikomo cha uwiano. Mota ya mizunguko 3000 kwa meza ya 40 hairuhusu zaidi ya 75. Kanuni ya kipeuo cha pili cha inesha ya mzigo kwa ya rota (0.00005) inatoa 190, na msuguano huisukuma juu zaidi. Ukiifuata, mota itatakiwa kuzunguka mara 7600 kwa dakika. Achana nayo, chukua 60.

Sasa pale watu wanapoumia. Inesha ikivuka gia hugawanywa kwa mraba wa uwiano: 1.8 kwa 3600 ni 0.0005, mara 10 ya rota. Mtu akishazoea mraba, anaugawa msuguano nao kwa 3600, anapata 0.003 N·m na kuupuuza. Kosa! Torki ya msuguano hugawanywa kwa uwiano mara moja tu, kisha kwa ufanisi wa giaboksi: 12 kwa (60 × 0.8) ni 0.25 N·m.

Angalia matokeo. Mota lazima iongeze kasi kwa radiani 503 kwa sekunde ya mraba: rota inadai 0.025, mzigo 0.31 baada ya ufanisi. Kwa msuguano wa uongo jumla ni 0.34, na mota yenye mwisho wa 0.4 N·m inaonekana inatosha. Jumla ya kweli ni 0.59. Mota hiyo itaifikisha meza kwenye kasi baada ya sekunde 1.1, na fundi atahangaika na mipangilio ya draiva bure. Grisi ikikaza asubuhi ya baridi, msuguano ukapanda hadi 20 N·m, unadai 0.42: meza haisogei kabisa.

Inesha ya giaboksi yenyewe, iliyoandikwa upande wa kuingilia, ijumlishe na ya rota bila kuigawa. Gia ya skrubu ina ufanisi mdogo zaidi, hasa inapoanza, kwa hiyo usiipe 0.8. Upande wa kutokea, giaboksi ibebe 27 N·m za kuongeza kasi na msuguano, na zaidi kama kuna kusimamishwa ghafla. Kagua pia mchezo wa meno, boliti za flanji, na kabari ya shafti.